Kebo imechomekwa, taa haiwaki: soma hapa kabla hujanunua kadi mpya ya mtandao

Mwezi uliopita niliitwa Mikindani, kwenye duka la steshenari lililo jirani na barabara inayokwenda Mtwara mjini. Mwenye duka ni mama mtu mzima. Anachapa barua, anatoa fotokopi na anawajazia watu fomu za mtandaoni. Kompyuta yake ya mezani iko chumba cha nyuma, ruta iko mbele karibu na dirisha, na katikati kuna kebo ya kama mita 20 iliyopitishwa juu ya dari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia uone mwenyewe, maana mimi nimechoka kuambiwa."

Alikuwa amebadilishiwa ruta. Tangu siku hiyo kompyuta inaandika `Network cable unplugged`, na kebo imechomekwa huku na huku, imelia "tik" kabisa. Fundi wa kwanza alifanya jambo la maana: aliichukua ile ruta ya zamani iliyokuwa bado kabatini, akaichomeka kwenye kebo ileile, na taa ikawaka. Akatoa hukumu yake. Kebo ni nzima, kwa kuwa imefanya kazi na ruta ya zamani. Ruta mpya ni nzima, kwa kuwa simu zinapata intaneti yake kwa waifai. Kwa hiyo kadi ya mtandao, ile sehemu ya kompyuta inayopokea kebo, imezeeka, haipatani na ruta mpya, inunuliwe nyingine. Mama alikuwa ameshaanza kutenga hela.

Ukiisikiliza hukumu hiyo inaingia akilini. Nimeisikia Mtwara mjini, nimeisikia Lindi, na kila mara mtu ananunua kitu ambacho hakikuwa na shida. Ndiyo maana naandika, ili mwenye duka au mwalimu wa chumba cha kompyuta aweze kujipimia mwenyewe kabla hajatoa hela.

Kwanza tuelewane kuhusu ile taa. Pembeni ya tundu la kebo, kwenye kompyuta na kwenye ruta, kuna taa ndogo ya kijani au ya njano. Ikiwaka, maana yake kadi ya kompyuta na poti ya ruta zimesikiana kwa umeme kupitia kebo. Hapo hatujafika kwenye nywila, wala kwenye salio la bando, wala kwenye anwani ya mtandao. Mtu mwenye bando lililokwisha bado taa yake inawaka. Kwa hiyo taa ikiwa imezima, usiende kuchezea mipangilio ya intaneti, na tafadhali usibonyeze kile kitufe kidogo cha kurudisha ruta kama ilivyotoka kiwandani. Hakitawasha taa, na kinaweza kukufutia mipangilio ya kuingia kwenye huduma, ukabaki na matatizo mawili badala ya moja.

Kitu kingine cha kutazama mapema ni kama kadi imezimwa tu ndani ya Windows. Fungua PowerShell uandike hivi:

```
Get-NetAdapter
```

Tazama safu ya `Status`. Ikiandika `Disabled`, kadi imezimwa na mtu, iwashe na safari yako imeishia hapo. Ikiandika `Disconnected`, kadi iko hai, inasikiliza, ila haisikii kitu upande wa pili. Kama kadi yenyewe haionekani kabisa kwenye orodha, hapo ndipo una sababu ya kuanza kuishuku, iwe draiva, yaani programu inayoiendesha, au kadi yenyewe. Kwenye Linux, amri ya `ip link` itakuandikia `NO-CARRIER` kwa hali ileile ya kutosikia kitu. Ya mama iliandika `Disconnected`. Hilo peke yake halikuisafisha kadi, lakini lilinipa sababu ya kutoihukumu haraka.

Washukiwa ni watatu: kebo, poti ya ruta na kadi. Watu wengi huanza na kebo kwa kuichomoa na kuichomeka mara kumi. Mimi huanza kwa kuiondoa kebo ndefu kwenye kesi kabisa. Natembea na kebo fupi ya mita moja na nusu ambayo nina hakika nayo, kwa sababu naitumia kila siku. Nilichomoa ruta pale dirishani, nikaibeba hadi chumba cha nyuma, nikaipa umeme kwenye soketi ya printa, nikaiunganisha na kompyuta kwa kebo yangu fupi. Mama akashangaa: "Sasa si umeitoa kwenye intaneti?" Ndiyo, nimeitoa, na haidhuru. Ruta inahitaji umeme tu ili taa ya poti iwake. Kubeba ruta ni rahisi kuliko kubeba kompyuta ya mezani na kioo chake.

Nilisubiri kama dakika moja ruta iamke. Taa ikawaka. Nikaandika tena `Get-NetAdapter`, safu ya `LinkSpeed` ikasoma `1 Gbps`. Kwa jaribio hilo moja, kadi na poti vyote viwili vimetoka kifungoni. Kadi iliyosemwa haipatani na ruta mpya ilikuwa inapatana nayo, tena kwa kasi ya juu kabisa waliyo nayo wote wawili. Aliyebaki ni mmoja.

Taa ingekataa, ningehama poti, kwa sababu ruta za aina hii huwa na poti kadhaa na moja ikifa si lazima nyingine zife. Lindi niliwahi kukuta ruta ambayo poti ya kwanza ilikuwa imekufa baada ya mvua ya radi, na tatu zilizobaki zinafanya kazi kama kawaida. Kuna njia nzuri ya kupima poti bila kompyuta yoyote. Chukua kebo fupi nzima, chomeka ncha moja poti namba 1 na ncha nyingine poti namba 2 ya ruta hiyohiyo. Poti mbili nzima zitawashana taa. Kisha sogeza ncha moja hadi namba 3, halafu 4. Poti isiyowaka na mwenzake yeyote ndiyo mbovu. Chomoa mara tu ukishaona taa, usiiache kebo hapo, kwa sababu data itaanza kuzunguka humo ndani bila mwisho na waliounganishwa wote watakwama.

Tundu lenyewe nalo limulikwe kwa tochi ya simu. Ndani kuna pini nane nyembamba za rangi ya dhahabu, zimelala kwa mshazari, zote kwa kimo kimoja. Sisi wa pwani hewa yetu ina chumvi, na tundu lililokaa wazi miaka miwili dirishani linaweza kuota ukungu wa kijani kwenye pini. Ukiona pini moja imezama chini ya wenzake au imelalia ya jirani, hiyo poti iache, tumia nyingine. Ukiona ukijani tu, zima ruta, chomoa umeme, safisha kwa brashi laini na spiriti safi ya kusafishia vifaa vya umeme, iache ikauke vizuri kabla ya kuiwasha.

Sasa turudi kwenye kebo, maana hapa ndipo penyewe. Mama aliniuliza swali la haki: "Kama kebo ni mbovu, mbona kwa ile ruta ya zamani iliwaka?"

Ndani ya kebo kuna nyaya nane, zimesokotwa mbili mbili, kwa hiyo ni jozi nne. Ruta yake ya zamani ilikuwa ya megabiti 100 kwa sekunde. Kasi hiyo hutumia jozi mbili tu: meno namba 1 na 2 ya kichwa cha kebo, na meno namba 3 na 6. Nyaya nne zilizobaki, namba 4, 5, 7 na 8, zinakaa bure. Zinaweza kukatika zote na taa ikaendelea kuwaka miaka mitano bila mtu kujua. Ruta mpya ni ya gigabiti, yaani megabiti 1000, na gigabiti inataka jozi zote nne.

Kinachochanganya ni namna ruta na kadi zinavyopatana. Kabla ya kuanza kazi, hizi mbili huambiana kila mmoja anaweza kasi gani, na mazungumzo hayo hupita kwenye zile jozi mbili za kwanza tu. Jozi hizo kwa mama zilikuwa nzima. Kwa hiyo kadi inasema "mimi naweza gigabiti", ruta inasema "hata mimi", wanakubaliana. Wakianza kazi sasa, waya mmoja kati ya nane haupo, hawasikiani, wanaacha. Wanarudi mwanzo, wanakubaliana tena gigabiti, wanashindwa tena. Wewe uliye nje unachoona ni taa iliyozima, au taa inayomulika mara moja kila baada ya sekunde chache na kuzima. Kadi nyingine zikishindwa mara kadhaa hushuka zenyewe hadi megabiti 100 na taa inawaka, mwenyewe asijue chochote. Nyingine hazishuki. Ndiyo maana kebo ileile inaweza kuwaka kwenye laptopu ya jirani na kukataa kwenye kompyuta yako.

Kwa hiyo kebo kufanya kazi na ruta moja si ushahidi kwamba ni nzima. Ni ushahidi kwamba nyaya nne kati ya nane ni nzima, basi.

Kama huna testa ya kupimia kebo, hilo unaweza kulithibitisha kwa kompyuta yenyewe. Rudisha kebo ndefu mahali pake. Fungua `Device Manager`, panua `Network adapters`, bofya mara mbili kadi yako, nenda kwenye `Advanced`, utafute `Speed & Duplex`. Itakuwa kwenye `Auto Negotiation`. Weka `100 Mbps Full Duplex`, kubali, usubiri sekunde kumi. Taa ikiwaka hapo, na ilikuwa imekataa kwenye `Auto Negotiation`, na kebo fupi ilitoa gigabiti kwenye poti ileile, basi kosa liko kwenye jozi mbili zisizotumika na megabiti 100: ya 4 na 5, au ya 7 na 8. Taa ikikataa hata hapo, kosa lina uwezekano mkubwa kuwa kwenye 1, 2, 3 au 6, au kebo imekatika yote. Ya mama iliwaka. Alipiga makofi, lakini nilimwambia angoje, bado hatujatengeneza kitu. Tena mpangilio huo usiuache moja kwa moja. Ukiilazimisha kadi upande mmoja huku ruta imebaki kwenye kupatana yenyewe, ruta huweza kudhani inazungumza na mtu anayetuma na kupokea kwa zamu tu, na mtandao unakuwa na taa lakini mzito ajabu. Ni kipimo tu. Ukimaliza rudisha `Auto Negotiation`.

Mimi nilikuwa na testa, kile kifaa cha vipande viwili kinachomulika taa namba 1 hadi 8 kwa zamu. Kipande kikubwa nilikiweka upande wa ruta, kidogo nikampa mama ashike chumba cha nyuma anisomee kwa sauti. "Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita... nane." Nikamwambia arudie. "Saba haipo, mwanangu. Inaruka." Waya namba 7, ambao kwa mpangilio uliozoeleka ni mweupe wenye mstari wa kahawia. Waya mmoja, na kwa ajili yake mama alikuwa karibu kununua kadi.

Testa ya aina hii haikwambii waya umekatikia wapi katika mita zile 20. Kabla ya kupanda darini kutafuta alama za meno ya panya, anza na ncha. Kebo isiyosogezwa mara nyingi hukatikia pale inapoguswa, na inapoguswa ni kwenye vichwa. Niliiweka testa kwenye mwendo wa polepole, nikashika kebo karibu na kichwa cha upande wa ruta, nikaikunja taratibu kulia, kushoto, juu, kisha nikaisukuma kidogo kuelekea kichwani. Nilipoisukuma, mama akapaza sauti: "Saba imewaka!" Nikaachia, ikazima. Nikasukuma, ikawaka. Tukawa tumelipata bila kupanda ngazi.

Nilikikata kile kichwa, nikakipasua tuone. Waya mweupe wa kahawia ulikuwa umekatika milimita chache kabla ya jino, ukawa umebaki unagusana kwa bahati na kipande chake. Nikaukwangua ule waya kwa wembe. Juu una rangi ya shaba, chini yake ni mweupe wa fedha. Hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kebo za namna hii ni nyepesi, bei yake ni ndogo na zimejaa madukani, ila aluminiamu haipendi kukunjwa. Ukiikunja mara chache inavunjika, na ikipata unyevu wenye chumvi inaoza haraka pale ilipojeruhiwa na jino. Ukienda kununua kebo, mwombe muuzaji akukatie kipande cha sentimita mbili, ukikwangue palepale dukani. Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani.

Kichwa kipya nilikibana hivi. Nilichuna ganda la nje kama sentimita tatu, nikafungua misokoto, nikazinyoosha nyaya kwa vidole na kuzipanga kuanzia kushoto, meno ya kichwa yakinitazama na kile kiklipu kikiwa nyuma: mweupe wa chungwa, chungwa, mweupe wa kijani, bluu, mweupe wa bluu, kijani, mweupe wa kahawia, kahawia. Kisha nikazikata zote kwa mkupuo mmoja zibaki kama milimita 13, nikazisukuma ndani hadi nikaona ncha nane zikigonga ukuta wa mbele wa kichwa. Hapo usione haya kukitazama kichwa kwa mbele, kwenye mwanga. Ukiona vidoa saba vinavyong'aa badala ya nane, toa uanze upya, usibane kwa matumaini. Ganda la nje nalo liingie ndani ya kichwa ili libanwe na ule mbanio wa nyuma, kwa sababu bila hivyo kila mvuto wa kebo unabebwa na nyaya zenyewe. Na kabla ya kupanga rangi, tazama ncha ya pili ya kebo imepangwaje, uifuate.

Mpangilio huo wa rangi una sababu, na hapa testa inaweza kukudanganya. Nilipata kuitwa Lindi kwenye chumba cha kompyuta ambako kebo ya kama mita 40 ilipita testa yote, moja hadi nane bila kuruka, lakini taa inawaka na kuzima. Aliyeibana alipanga rangi kwa ndugu: chungwa pamoja, kijani pamoja, bluu pamoja, kahawia pamoja, tena ncha zote mbili sawasawa. Kwa testa hiyo ni sahihi kabisa, kwani kila waya unafika mahali pake. Lakini meno namba 3 na 6 lazima yashike nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, na kwa mpangilio wake 3 alikuwa mweupe wa kijani na 6 alikuwa bluu. Msokoto ndio unaozuia jozi moja kuingiliwa na kelele za jirani. Ukiuvunja, kebo fupi inaweza kuvumilia, ndefu haivumilii. Kwa hiyo testa ikipita na taa bado inasumbua, tazama rangi kwa macho yako.

Kwa mama testa ilihesabu zote nane. Nikarudisha ruta dirishani, nikahakikisha kadi iko kwenye `Auto Negotiation`, nikachomeka. Taa ikawaka, `LinkSpeed` ikasoma `1 Gbps` kupitia kebo yake mwenyewe ya mita 20.

Nilimweleza wazi kwamba kebo iliyobaki darini ni ya aluminiamu vilevile, na kichwa cha chumba cha nyuma kina umri uleule na kile nilichokata. Akaniuliza kama lazima abadilishe leo. Nikamwambia hapana, mradi haivutwi, inaweza kumfikisha mbali. Tulifunga kebo kwa klipu ukutani, sentimita kumi kutoka kwenye ruta, ili mtu akiisogeza ruta wakati wa kufagia mvuto uishie kwenye klipu. Ya shaba ataweka msimu wa korosho ukianza, wateja wakiwa wengi. Ile hela ya kadi ameirudisha kwenye droo.